Begi la shule linamvuta mtoto nyuma: anza na urefu wa mkanda kabla hujanunua jipya

Mimi ni fundi wa mabegi na viatu hapa Mtwara mjini, na kila Januari na kila Julai shule zikifungua benchi langu linajaa wazazi wenye lalamiko lilelile kwa maneno tofauti. Mtoto anasema mgongo unauma, mtoto anatembea kama mzee, mkanda hautulii, bega moja liko juu. Nimeyapanga hapa kwa dalili, kinachosababisha mara nyingi nimekiweka mbele na cha nadra nyuma, ili ujaribu vya bure kwanza kabla hujatoa hela. Mimi sio daktari, kwa hiyo pale pa kumwachia daktari nitakwambia wazi.

Kabla ya yote pima. Mizani sio shida huku kwetu, muuza samaki anayo ile ya kuning'iniza yenye ndoano, muuza duka anayo, msimu wa korosho ndo usiseme. Ning'iniza begi kama linavyotoka nyumbani asubuhi, na chupa ya maji ikiwemo. Afu uzito wa mtoto gawa kwa kumi, mtoto wa kilo 26 inakuja kilo 2.6. Hicho ndo kiwango cha kulenga. Madaktari wa watoto wa Marekani wanasema begi lisizidi asilimia 10 mpaka 20 ya uzito wa mtoto, India kwenye sera yao ya mabegi ya shule ya mwaka 2020 wameweka asilimia 10. Mimi nawaambia wazazi lenga kumi, ukishindwa usivuke kumi na tano, hasa kwa mtoto anayetembea kwa mguu kwenye mchanga, mana mchanga nao unakula nguvu.

Dalili: akivaa begi anainama mbele na kichwa kinatangulia

Hii ndo inayoongoza. Msimamishe mtoto wima bila begi umwangalie kwa ubavuni, sikio, bega na nyonga vinakaribia kukaa mstari mmoja. Sasa mvalishe begi lake lililojaa umwangalie tena. Kama kichwa kimesogea mbele na kiuno kimevunjika, anafanya hivyo kwa sababu mzigo unamvuta nyuma na asipoinama ataanguka chali. Misuli ya shingo na ya mgongo wa chini inafanya kazi ya kushikilia njia nzima, jioni inauma.

Wazazi wengi wanakimbilia kusema begi zito. Ni kweli mara nyingi ni zito, ila sababu ya kwanza ninayoiona mimi ni mikanda mirefu, begi linaning'inia mpaka kwenye makalio linagonga gonga kila hatua. Na mikanda inakuwa mirefu kwa sababu begi limenunuliwa kubwa, "atalikulia". Jamani viatu unaweza kumnunulia vya kukulia ukaweka gazeti mbele, begi haliwekewi gazeti. Begi pana kuliko mgongo wa mtoto linayumba kulia kushoto, na likiwa refu kuliko mgongo wake hata ukikaza mikanda vipi kitako chake kitabaki chini tu.

Mzigo ukiwa mbali na mwili unakuwa mzito zaidi, hili ukitaka kuliona chukua kauntabuku ishike kifuani, haina shida, sasa nyoosha mkono mbele uishike hivyohivyo uhesabu mpaka thelathini. Kauntabuku ni ileile. Begi linaloning'inia nyuma na kuachia nafasi kati yake na mgongo linamfanyia mtoto hivyo.

Kurekebisha mikanda kunachukua dakika tano lakini fanya begi likiwa limejaa, sio tupu, mana begi tupu linakaa vizuri kwa kila mtu. Legeza mikanda yote miwili mpaka mwisho. Mvalishe, mwambie asimame wima asikusaidie. Shika ncha mbili za chini, vuta kwa pamoja kuelekea chini na nyuma, polepole, pande zote sawa, mpaka begi ligande mgongoni. Ukifika hapo kagua vitu vitatu. Juu ya begi pasipite kile kifupa kinachotokeza chini ya shingo mtoto akiinamisha kichwa. Chini ya begi pakae kiunoni, likishuka chini ya kiuno lisizidi sentimita kumi, yaani kama upana wa kiganja cha mtu mzima. Afu pitisha vidole viwili kati ya mkanda na kifua karibu na kwapa, vipite bila kulazimisha. Visipopita umekaza sana, mkono mzima ukipita bado umelegeza.

Ukishapata, weka alama ya kalamu kwenye mikanda yote miwili pale ulipoishia, ili kesho watoto wakivutana shuleni ujue pa kurudishia. Na urudie kipimo kila muhula, mana mtoto anarefuka na vilevile anavaa sweta msimu wa Juni na Julai, hata huku pwani asubuhi kuna kaubaridi.

Ukikaza vizuri na bado anainama, ndo tunarudi kwenye mzigo. Nikupe mfano wa mtoto mmoja wa darasa la nne, mama yake alimleta akitokea Chuno.

"Shikamoo fundi, naomba unipunguzie hii mikanda, mtoto kila siku mgongo."

"Marahaba mama. Tuangalie kwanza ndani mna nini."

"Madaftari tu fundi."

Tuliazima mizani kwa jirani. Begi kilo 6.2, mtoto mwenyewe kilo 26, hiyo karibu asilimia 24. Tukamwaga kila kitu kwenye benchi. Begi tupu lenyewe gramu 900. Kauntabuku nne, kila moja kama nusu kilo, jumla kilo 2. Madaftari madogo sita, gramu 600 hivi. Vitabu viwili vya kiada gramu 700. Chupa ya maji ya lita moja, na maji lita moja ni kilo moja haina mjadala, ongeza chupa ikawa kilo 1.1. Kontena la chakula gramu 500. Na chini kabisa, kwenye kile kimfuko cha mbele ambacho mama hajawahi kukifungua, kokoto za kuchezea, karatasi za mitihani ya mwaka jana, na embe bichi. Gramu 400 hizo. Mtoto akawa anaangalia chini tu.

Tukasoma ratiba. Kauntabuku mbili siku hiyo hazina kipindi, zimebaki nyumbani, kilo moja imetoka. Madaftari matatu yamejaa tangu muhula uliopita, yametoka. Kitabu kimoja cha kiada anakaa dawati moja na mwenzake mwenye kitabu hichohicho, wakakubaliana huyu alete hiki yule alete kile. Chupa ikawa inajazwa nusu, anajaza tena shuleni kwa kuwa kwao maji ya kunywa yapo. Kama shuleni kwenu maji salama hakuna usipunguze, joto la huku unalijua, bora ashike chupa mkononi. Kokoto zikatupwa, embe nikabaki nalo mimi. Tukapima tena, kilo 3.65, asilimia 14. Haijafika kumi, lakini imeshuka zaidi ya kilo mbili na nusu bila kununua kitu.

Halafu upangaji. Kizito kikae sehemu ya ndani kabisa, kigusane na upande wa mgongo, kimesimama. Kauntabuku na vitabu kwanza, madaftari yafuate, kontena na chupa nje yake. Watoto wanapanga kinyume, kauntabuku inaingia mwisho kwa sababu ndo kubwa. Kama begi halina kigawanyio, vitabu vinalala vinaenda chini na begi linatumbukia, kata kipande cha boksi gumu saizi ya begi ukiweke upande wa mgongo kisha vitabu vizuie kwa kipande cha pili. Sio kizuri kukiangalia lakini kinafanya kazi.

Lile begi lenyewe lilikuwa pana kuliko mgongo wa mtoto, nilimwambia mama ukweli kwamba siku akipata nafasi atafute jingine lenye upana usiozidi mabega. Kwa wakati ule nilikunja pembeni nikashona, likapungua.

Dalili: mistari myekundu mabegani, au mkono unakufa ganzi

Mvue shati akirudi tu. Mstari mwekundu unaofutika muda mfupi baada ya kuvua begi ni wa kawaida kidogo, maana yake mkanda unakata. Ukibaki mpaka usiku, ukichubuka, au ukimgusa anaruka, hapo kuna kazi.

Sababu ya kwanza ni sponji iliyokufa. Bonyeza mkanda kwa dole gumba, sponji nzima inarudi juu, iliyokufa inabaki imelala na unasikia kitambaa kwa kitambaa. Mabegi mengi ya bei ya chini yanakuwa hivyo ndani ya muhula mmoja. Fundi yeyote anafungua mshono, anaingiza sponji mpya au hata raba nyembamba ya kandambili, anafunga. Upana wa mkanda pale begani uwe angalau kama vidole vinne vya mtoto mwenyewe vikiwa vimebanana. Yale mabegi ya kamba nyembamba ya kuvuta mdomo ni ya kubebea jezi, sio kauntabuku.

Sababu ya pili ni mkanda uliokazwa kupita kiasi, unaingia kwapani. Legeza mpaka vidole viwili vipite. Ya tatu ni uzito, rudi kwenye mizani.

Ganzi ni jambo lingine. Mishipa ya fahamu inayokwenda mkononi inapita hapo karibu na bega na kwapa, ikikandamizwa mtoto anasema vidole vinawashawasha kama chungu wanatembea. Ikitokea mara moja na ikaisha akivua begi, rekebisha mikanda na uzito ufuatilie. Ikiendelea baada ya kuvua, au ukiona hawezi kuinua mkono sawasawa, kalamu inamdondoka, mwandiko umeharibika ghafla, usimvalishe begi tena, mpeleke hospitali. Usimkande na usimvute mkono.

Dalili: bega moja liko juu, begi linakaa upande

Uliza kwanza swali la kijinga, anavaa mikanda yote miwili? Wakubwa wa darasa la sita na la saba wanavaa mmoja kwa sababu ndo swaga. Mfuate kwa mbali siku moja asubuhi bila yeye kujua, utaona akipinda kona ya nyumbani tu mkanda mmoja unashuka. Kumgombeza hakusaidii sana, kinachosaidia ni begi lisilomsumbua akivaa yote miwili.

Pili pima urefu, shikanisha mikanda miwili uone kama alama zinafanana. Tofauti ya sentimita mbili tatu inatosha kuvuta bega. Tatu angalia mshono wa juu, pale mkanda unapoungana na begi, mara nyingi upande mmoja umeanza kuachia na mkanda umerefuka bila wewe kugusa kitu. Nne ni chupa ya maji kwenye mfuko wa pembeni, kilo nzima upande mmoja. Iweke katikati au weka kontena upande wa pili.

Ukishamaliza hayo yote na bega bado halijashuka hata akiwa hajavaa begi, fanya hivi. Mvue shati, miguu pamoja, aunganishe viganja ainame mbele taratibu kama anaokota kitu, wewe simama nyuma yake uangalie usawa wa mgongo. Kama upande mmoja wa mbavu umenyanyuka kuliko mwingine, mgongo unaweza kuwa umepinda, na hilo mpeleke akaangaliwe, hasa mtoto wa kuanzia miaka kumi anayerefuka haraka. Nikwambie pia ili usijilaumu, kupinda kwa namna hiyo hakujathibitishwa kuletwa na begi, mara nyingi chanzo hakijulikani. Begi linachosha misuli na linauma, lakini mgongo uliopinda haunyooshwi kwa kubadilisha begi, na mimi fundi sina dawa yake.

Dalili: unakaza asubuhi, mchana mikanda imerefuka tena

Hii ni ya kwangu sasa. Kile kiplastiki chenye matundu mawili mkanda unapopita ndo kinachoshika urefu wote, na kinashika kwa msuguano tu, hakuna kitu kingine.

Mara nyingi mkanda umepitishwa vibaya baada ya kuchomoka. Njia sahihi uingie kwa chini ya kiplastiki, upande juu ya kijiti cha katikati, ushuke tundu la pili. Ncha inabaki inaning'inia chini, ukiivuta unakaza, ukiinua kile kimdomo cha plastiki unalegeza. Ukiupitisha tundu moja tu utateleza siku ileile.

Ikiwa umepita sawa na bado unateleza, angalia mkanda wenyewe, ukiwa umechakaa ukawa laini unang'aa hauna pa kushikwa. Au mkanda ni mwembamba kuliko tundu, mkanda wa milimita 20 kwenye kiplastiki cha milimita 25 lazima utembee, pima kwa rula ya mtoto. Au kijiti cha katikati kimepata ufa, jua linazikausha plastiki hizi, kikunje kidogo kwa vidole usikie kama kinalia.

Dawa ya haraka ya nyumbani, mvalishe, kaza mpaka panapofaa, afu pitisha mishono sita saba ya mkono kwenye mkanda hapohapo chini ya kiplastiki, hautasogea tena. Muhula ukiisha unakata uzi unampimia upya. Usitumie pini, begi likivutwa inafunguka inaingia mgongoni. Na usifunge fundo, fundo linakaa juu ya mfupa.

Dawa ya kudumu ni kubadilisha kiplastiki kwa kingine chenye upana sawa na mkanda, kisha ncha ya mkanda ikunjwe mara mbili ishonwe ili isichomoke kabisa. Pale mkanda unapoungana na begi mwambie fundi ashone mraba wenye msalaba katikati, kwa uzi wa nailoni. Akishona mstari mmoja kwa uzi wa nguo utamrudia baada ya wiki mbili, nawajua wenzangu.

Kama mikanda haitelezi bali inadondoka pembeni ya mabega, mtoto ana mabega membamba na mikanda imeshonwa mbali mbali. Unganisha kifuani kwa kamkanda kenye klipu ya kubofya. Klipu, sio kufunga kwa kitambaa, mana akinaswa mahali au akipakizwa bodaboda lazima aweze kujifungua mwenyewe mara moja. Na kwenye bodaboda begi zito lisikae mgongoni kabisa, linamvuta nyuma pikipiki ikiondoka, dereva aliweke mbele.

Dalili: begi limepungua, mikanda iko sawa, mgongo bado unauma

Maumivu ya begi yana tabia yake, yanakuja akibeba, yanapungua akivua, Jumamosi na Jumapili hayapo. Ukisharekebisha kila kitu subiri wiki mbili. Yakibaki baada ya hapo peleka mtoto zahanati au kituo cha afya.

Lakini kuna ambayo usisubiri hata siku mbili. Maumivu yanayomwamsha usiku. Maumivu yaliyoanza baada ya kuanguka mkorosho au mwembe. Miguu kukosa nguvu au ganzi, kuanza kujikojolea wakati alishaacha, kushindwa kuzuia choo. Homa. Mtoto mdogo wa chekechea analalamika mgongo, umri ule sio kawaida. Na hii niisemee zaidi, uvimbe au kinundu katikati ya uti wa mgongo, mtoto amekonda, jioni anapata homa, usiku anatoka jasho. Kifua kikuu kinaweza kuingia kwenye uti wa mgongo na kibiongo kinaweza kuanza hivyo, kinatibika kwa dawa za kifua kikuu na zinatolewa bure, lakini kikicheleweshwa mfupa unakaa umepinda na miguu inaweza kupooza.

Mwaka juzi aliletwa mtoto kwangu ashonewe mkanda wa kifuani kwa sababu "hakai wima". Nilipompapasa mgongoni ili nipime begi likae wapi, kidole changu kikapanda juu ya kifupa kimoja kilichotokeza kuliko vingine, na mtoto akakunja uso. Begi tukalipima, kilo mbili na robo tu. Nikamrudishia baba yake hela ya mkanda nikamwambia aanze na hospitali ya Ligula palepale, na akifika aseme vitu vinne bila kusubiri kuulizwa: tangu lini anaumwa, usiku inakuwaje, amepungua kiasi gani, na nyumbani kuna mtu aliyewahi kukohoa muda mrefu. Begi akaliacha kwangu, akasema huko linamzidishia mzigo.